Unga Ulionuka Dizeli

Hakuna mwenye duka katika Soweto West, huku Kibera, asiyeijua kanuni hii: mali hufunguliwa na kugeuzwa kwanza, ndipo sahihi itiwe. Ukiisha kuandika jina lako chini ya hati ya mapokezi, umekiri mbele ya watu kwamba ulichoagiza kimefika kizima, na kuanzia hapo hasara yoyote inayoonekana kwa macho ni yako. Kanuni hiyo imepigwa chapa chini ya kila ankara, kwa herufi ndogo, lakini hakuna anayehitaji kuisoma. Wauzaji wa mkaa wanaijua. Wasukuma mikokoteni wanaijua.

Wanza Makau aliijua kuliko wengi. Ndiye aliyewafundisha akina mama wawili wa vibanda vya jirani kupindua kila kreti ya soda na kupapasa kila gunia la sukari, dereva apige honi apendavyo. Dereva wa mikate alimwita Mama Korti. Hakujali. Alikuwa ameshika duka lile tangu mumewe alipofariki, na halikuwahi kumfia mikononi kwa sababu ya uzembe.

Ila kulikuwa na dereva mmoja ambaye mali yake hakuipindua. Huyo alikuwa Mutie, mdogo wake wa mwisho.

Mama yao alifariki huko Kitui Mutie akiwa bado anabebwa mgongoni, na mgongo uliombeba tangu siku hiyo ulikuwa wa Wanza. Ndiyo maana hakumwita dada. Alimwita mwaitu, yaani mama yangu, na watu wa Soweto West waliosikia walidhani kweli ni mwanawe wa kwanza. Wanza alimlipia karo. Alimlipia mafunzo ya udereva. Kisha alikwenda Gatina, kule Kawangware, kwenye ghala la Mzee Abdulmajid aliyekuwa akimuuzia unga, akamwomba nafasi ya kazi kwa ajili yake, akasimama mdhamini kwa jina lake mwenyewe. Sasa Mutie ndiye aliyeleta unga huo kila Ijumaa. Je, mtu anampekua mtoto wake mlangoni? Wanza alikuwa akichukua kalamu kabla gari halijazimwa, anatia sahihi, kisha anamwuliza kama amekula.

Ijumaa hiyo alifanya vivyo hivyo. Gari lilisimama barabarani, kwa kuwa njia za ndani ni nyembamba, na unga ukaja kwa mkokoteni. Beli zilikuwa ishirini, kila beli furushi la karatasi ngumu lenye pakiti kumi na mbili za kilo mbili. Kwa kawaida Mutie aliziacha mlangoni, naye Wanza akamlipa msukuma mkokoteni azipange. Safari hii Mutie alivua koti, akaziingiza mwenyewe hadi nyuma ya duka na kuzipanga moja juu ya nyingine, taratibu kama mtu anayelaza mayai.

"Leo umekuwa na adabu gani?" Wanza alimtania. "Umepata mchumba?"

"Mgongo wako unazeeka, mwaitu. Acha nikusaidie."

Neno hilo lilimfurahisha. Alilikumbuka hadi jioni.

Asubuhi ya Jumamosi alikuja Fahima, jirani Mnubi ambaye huuza chapati na maharagwe karibu na reli. Alikuwa ameshika pakiti ya unga kwa vidole viwili, mkono umenyooka mbali na pua.

"Mama Duka," alisema, "huu unga ni wa ugali au wa kutia kwenye matatu?"

"Una nini?"

"Nusa mwenyewe. Nimewapikia mafundi wa mjengo sufuria nzima. Mmoja ameniuliza kama nimesonga na mafuta ya jenereta. Sufuria yangu sasa inanuka gereji."

Wanza alinusa. Hakuhitaji kunusa mara ya pili. Alimrudishia Fahima pesa zake, akampa pakiti nyingine kutoka katika akiba ya zamani kwa ajili ya chakula alichokimwaga, kisha akafunga nusu ya mlango na kwenda nyuma. Alizipindua beli moja baada ya nyingine. Za juu zilikuwa safi. Nane za chini zilikuwa na doa jeusi upande wa sakafu, pana kama sinia, na karatasi yake ililainika kama ngozi ya ndizi iliyoiva mno. Dizeli ilikuwa imepanda ndani kutoka chini. Pakiti ya Fahima ilitoka katika mojawapo ya hizo, ambayo kijana anayemsaidia Wanza dukani aliivuta pembeni mapema asubuhi na kuifungua kwa juu bila kuitazama chini.

Wanza alikaa juu ya kreti. Beli nane. Kwa duka kubwa la mjini hilo ni jambo la kukunja uso tu. Kwa duka lake lilikuwa faida yote ya mwezi na sehemu ya mtaji. Asipolipa ankara nzima katika majuma mawili, Mzee Abdulmajid hangempa tena unga kwa mkopo, na duka lisilo na unga Kibera ni ukuta wenye rafu.

Hakumfikiria Mutie hata kidogo. Alilifikiria ghala. Aliwahi kuliona pipa la dizeli ya jenereta limesimama pale Gatina, si mbali na mahali unga unapopangwa, na mtunza ghala, mwanamke aitwaye Awiti, ndiye aliyelisimamia. Basi pipa limevuja, akajisemea. Alichukua karatasi yenye mistari na kuandika, kwa mwandiko ule wa kulala kidogo aliofundishwa na walimu wa misheni.

"Kwa Bwana Abdulmajid,

Kuhusu: Ombi la krediti noti, ankara namba 4471.

Bwana,

Tafadhali rejea ankara iliyotajwa hapo juu pamoja na hati yake ya mapokezi, zote za jana Ijumaa. Katika beli ishirini za unga wa mahindi nilizotozwa, beli nane nimezikuta zimelowa dizeli upande wa chini, na unga wake haufai kuliwa na binadamu. Nimelitambua jambo hili leo asubuhi, baada ya mteja kunirudishia pakiti moja.

Beli hizo nimezitenga. Sijaziuza wala kuzitupa, isipokuwa pakiti hiyo moja iliyofunguliwa, ambayo pia nimeihifadhi. Mnakaribishwa kuja kuzikagua.

Ninaomba mnitolee krediti noti kwa thamani ya beli nane, kwa bei ileile ya ankara, ili deni langu lipunguzwe kwa kiasi hicho nami nilipe salio kwa wakati wake.

Ninakiri kwamba nilitia sahihi bila kuzigeuza.

Wako mwaminifu,
Wanza Makau."

Alisita sana juu ya sentensi ile ya mwisho. Ilikuwa inamdhuru, lakini ilikuwa kweli, na hakuzoea kutuma barua yenye ukweli nusu. Aliipeleka Gatina mwenyewe mchana huohuo. Karani aliipiga muhuri wa kupokelewa, nakala yake pia. Awiti alikuwa amesimama mlangoni mwa ghala na daftari lake kwapani, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alipoona neno dizeli juu ya karatasi mezani, uso wake ulibadilika.

"Pipa langu halivuji, Mama," alisema kwa upole.

"Mimi sikuandika pipa," Wanza alijibu. "Nimeandika nilichokiona."

Jumapili baada ya ibada, Mutie alikuja nyumbani. Wanza alikuwa ameshapika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akampakulia, lakini Mutie aliichezea tu kwa kijiko.

"Mwaitu, umeandika barua kazini."

"Nimeandika. Nilikuwa nataka kukuambia. Awiti ametuharibia unga."

"Si ungenipigia kwanza?"

"Nikupigie wewe kwa nini? Ankara ni ya Mzee."

"Ungeandika maji." Alisema hivyo akiitazama sahani. "Maji ni mvua. Mvua haina mwenyewe. Lakini umeandika dizeli, sasa kila mtu anauliza dizeli ya nani."

Wanza aliweka bakuli chini. Kuna wakati mtu hujua jambo kabla ya kutaka kulijua. Aliiona tena Ijumaa ile: koti lililovuliwa, mikono iliyolaza beli taratibu, doa likiangalia sakafu.

"Mutie," alisema, "wewe ulijua."

Kijana hakukana. Labda kama angekana ingekuwa nafuu. Alieleza kwa sauti ya chini, kwa maneno ya vijana wa mjini yaliyochanganyika na ya nyumbani. Kulikuwa na jamaa wa mjengo huko Kawangware aliyekuwa akimpa kitu kidogo ambebee madumu ya dizeli ndani ya gari la kazi. Dumu moja lilikuwa na mfuniko mbovu. Alipofungua mlango wa nyuma alikuta sakafu imelowa na beli za chini zimekunywa.

"Nilipanic, mwaitu. Kubeba mzigo wa mtu mwingine ni kufutwa palepale, hakuna stori. Maduka mengine yote yanapindua beli. Wewe tu ndiye huwa hupindui."

Aliyasema maneno hayo bila ubaya, kama mtu anayetoa maelezo ya barabara. Wanza aliyasikia yakiingia mwilini mwake polepole.

"Kwa hiyo ukaniletea mimi."

"Nilijua utaelewa. Nilidhani ukiona utaniita kwanza, tutaangalia vile tutafanya. Unga ungeanikwa juani, harufu ikapungua, ukachanganywa na mwingine..."

"Watu waule? Watoto wa hapa walishwe dizeli?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyo."

Mutie alisukuma sahani. "Nilikuwa nataka pikipiki, sawa? Yangu. Nimechoka kila kitu changu kikiwa kimetoka kwako. Leseni ni yako, kazi ni yako, hata hii shati ni yako. Nilibakisha kidogo tu nilipe dipoziti."

Wanza alikuwa akidhani kwamba anampa, kumbe kila alichompa kilikuwa kikimlemea. Alimwuliza atafanya nini.

"Nyamaza tu. Awiti atakatwa mshahara kidogo, basi. Ana mume, ana ndugu hapa Nairobi. Mimi nina nani?" Kisha akanyanyua macho. "Nina wewe tu, mwaitu."

Wanza hakulala vizuri, lakini alfajiri alikuwa ameamua. Angelipa ankara yote. Angesema barua ilikuwa makosa, kwamba alitia sahihi na hivyo hasara ni yake, kama kanuni inavyotaka. Angekopa kwenye chama cha akiba cha akina mama, angepunguza sukari, angeuza friji ya soda. Kulipa kwa ajili ya Mutie kulikuwa jambo alilolizoea. Mkono wake ulikuwa unajua njia.

Mzee Abdulmajid hakumpa nafasi ya kwenda Gatina. Jumatatu alikuja mwenyewe kukagua, kofia yake nyeupe imenyooka kichwani, Awiti nyuma yake na daftari. Nyuma yao wote alikuja Mutie, kwa kuwa ndiye aliyewaendesha. Aliegemea mlango wa duka na kutazama nje.

Mzee alisalimia, akauliza habari za afya, kisha akainama bila kumwomba mtu msaada. Aligeuza beli ya kwanza, akagusa doa, akanusa kidole. Akaenda hadi ya nane. Halafu alifuta mkono kwa leso.

"Dada Wanza, barua yako ilikuwa nzuri. Nimekuwa kwenye biashara hii tangu baba yangu, na wateja wanaokiri kosa lao kwenye barua ya madai siwajui hata watatu. Lakini doa hili linaonekana. Lingekuwa limejificha ndani ya pakiti, ungekuwa na siku mbili za kudai na ningekupa krediti noti bila swali. Linaloonekana, ukilitia sahihi, ni lako. Unaijua kanuni."

"Ninaijua, Mzee," Wanza alisema haraka. "Ndivyo nilivyotaka kukuambia. Ninaiondoa barua. Nitalipa ankara yote."

Mzee alimtazama kwa mshangao. Watu huja kubishana. Hawaji kukubali kabla ya kusukumwa.

"Vizuri. Hilo ni lako, nami nimelipokea," alisema. "Ila lina upande wangu. Dizeli imegusa chakula katika mali yangu. Leo ni dukani kwako, kesho ni shuleni. Awiti, pipa la jenereta liko chini yako?"

"Liko chini yangu, Mzee."

"Na nilishakuambia ulisogeze mbali na unga, sivyo?"

"Ulisema. Nililisogeza. Liko ukuta wa pili, juu ya trei ya mchanga. Mchanga ni mkavu. Njoo uangalie mchanga wangu."

"Nimeuangalia jana. Ni mkavu. Lakini mchanga hubadilishwa, dada yangu. Sasa niambie mimi, dizeli hii imetoka mbinguni?"

Awiti alifungua daftari lake mahali ambapo alikuwa ameandika beli zilizotoka Ijumaa, akalifunga tena, kwa sababu lilikuwa halisemi lolote zaidi ya kwamba zilitoka.

"Mimi sitaki ugomvi," aliongeza Mzee kwa huzuni ya kweli. "Nitakulipa siku zako hadi leo. Kesho nitatafuta mtu mwingine wa ghala."

Nje mtu alikuwa akitangaza sukuma wiki. Wanza alimtazama Mutie mlangoni, akangoja. Alingoja kwa moyo wote, kama alivyowahi kungoja homa yake ishuke alipokuwa mdogo. Sema, alimwambia kimoyomoyo. Sema wewe mwenyewe, nitakubeba tena, nitakubeba hadi nife, lakini sema.

Mutie alitoa simu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

Awiti aligeuka kuondoka. Alipompita Wanza hakumtukana. Alisema tu, "Mama, wewe unajua mimi si mtu wa kuficha," kana kwamba anaomba shahidi kwa jambo dogo.

"Mzee," Wanza alisema. "Pipa la Awiti halikuvuja."

Abdulmajid alisimama.

"Dizeli ilikuwa ndani ya gari. Kulikuwa na madumu ya mtu mwingine. Beli zililowa njiani, zikaletwa hapa kwa sababu hapa hazigeuzwi. Nikatia sahihi kwa sababu aliyezileta ni ndugu yangu."

Alisema yote hayo huku akimtazama Mutie. Hakuweza kuyasema huku akitazama pengine. Angeona aibu kumsema mtoto wake akiwa amempa kisogo.

"Ni kweli?" Mzee alimwuliza Mutie.

"Ameshasema," kijana akajibu. "Mkitaka zaidi muulizeni. Yeye ndiye anajua kila kitu yangu."

"Mutie," Wanza alisema.

"Sawa, Mama Duka. Umefanya vizuri. Mzee atakupatia krediti noti yako." Alichomoa funguo za gari, akaziweka juu ya mizani ya kupimia sukari. "Awiti, pole. Hiyo siwezi kukataa."

Akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Wanza alimfuata hadi mlangoni. Awiti ndiye aliyemshika mkono na kumketisha.

Mzee Abdulmajid alikuwa mwadilifu, na uadilifu wake haukuwa na pembe laini. Alieleza jambo lenyewe palepale, akiwa amesimama. Sahihi iliyopatikana kwa udanganyifu haimfungi mnunuzi. Kwa hiyo kanuni haikumhusu Wanza tena, na krediti noti ilikuwa haki yake. Gharama ya beli nane ilikuwa ya dereva aliyeziharibu kwa mzigo usioruhusiwa. Awiti anabaki na ghala lake; dereva amefutwa. Mshahara wake wa siku alizofanya kazi ungezuiliwa hadi gharama hiyo ilipwe. Unga wenyewe ungechukuliwa siku hiyohiyo ukateketezwe, asiupate mtu wa kuuanika.

"Atakula nini?" Wanza aliuliza.

"Dada, hilo si swali la ankara," Mzee alisema. Lakini aliinamisha macho.

Krediti noti ilikuja Jumatano. Ilikuwa karatasi moja, imetolewa na mashine, kwa kuwa siku hizi mashine ya kodi haikubali krediti noti isiyotaja namba ya ankara iliyotangulia na sababu yake. Ilitaja ankara namba 4471, beli nane, bei ya kila beli, jumla, na kwenye nafasi ya sababu maneno mawili tu: bidhaa zilizoharibika. Hakuna mahali palipoandikwa nani wala kwa nini. Wanza aliisoma mara kadhaa, akaiambatisha na ankara kwa pini.

Alimpigia Mutie kila siku. Mwanzoni simu iliita tu. Baadaye haikuita. Mwenye nyumba wa Mutie, huko huko Gatina, alisema kijana amefunga chumba na kodi haijalipwa. Pengine yuko kwa marafiki, pengine ameenda nyumbani Kitui. Nyumbani walisema hajafika. Wanza alimtumia ujumbe akamwambia aje ale. Kisha alimtumia ujumbe usiokuwa na maneno, nukta tu, kwa sababu alikuwa hajui aandike nini na hakutaka aone simu imenyamaza. Haukujibiwa.

Fahima alikuja akaketi naye mara moja, bila mzaha. "Ulifanya la haki, dada," alisema.

"Najua."

"Basi mbona unajitesa?"

"Kwa sababu najua," Wanza alijibu. "Ningekuwa sijui, ningelia tu, ikaisha."

Siku ya kulipa ilipowadia alivaa nguo yake ya kanisani na kwenda Gatina. Ghalani palikuwa na dereva mpya, mzee kidogo, aliyekuwa akipangusa kioo cha gari. Awiti alimletea kiti. Kwenye meza ya karani Wanza alitoa ankara, akaweka krediti noti juu yake, akalipa salio. Karani alipiga muhuri, akaandika tarehe, akamwambia asante.

Wanza hakuinuka. Alifungua mkoba wake tena na kutoa bahasha ya pili.

"Hii ni ya nini?" karani aliuliza.

"Mwite Mzee."

Abdulmajid alitoka chumba cha ndani. Wanza alimsukumia bahasha. Ndani mlikuwa na thamani ya beli nane, kiasi kilekile ambacho krediti noti ilimrudishia. Friji ya soda ilikuwa imeuzwa juzi.

"Ni gharama ya Mutie," alisema. "Ninailipa. Nilikuwa mdhamini wake."

"Dada Wanza. Basi barua yote ile ilikuwa ya nini? Umerudi palepale."

"Sikurudi palepale, Mzee. Wakati ule ningelipa huku Awiti akibeba lawama. Sasa ninalipa na kila mtu amebeba chake."

Mzee alikaa. Alifungua bahasha lakini hakuhesabu. Alimpa Awiti, naye Awiti akahesabu kwa makini, kwa kuwa pesa huhesabiwa hata zikitoka kwa mtu unayemheshimu. Alipomaliza aliitikia kwa kichwa.

"Mshahara wake nitautuma leo kwenye simu yake," Abdulmajid alisema. "Wote. Nambari yake bado ni ileile?"

"Sijui kama anaifungua. Utume tu. Na ile hati ya kuonyesha alifanya kazi hapa, mwandikie. Ataihitaji."

"Nitaandika miaka aliyofanya. Sitaandika uongo, lakini pia sitaandika zaidi ya hapo."

"Inatosha."

Karani alivuta kitabu cha stakabadhi na kuweka karatasi ya kaboni kati ya kurasa. "Niandike imepokelewa kutoka kwa nani, Mama? Wanza Makau?"

"Hapana," Wanza alisema. "Andika Mutie."

Karani alimtazama Mzee. Mzee akaitikia kwa kichwa. Kalamu ikaandika jina hilo, na kiasi, na chini yake kwamba deni la beli nane limelipwa lote. Mzee akatia sahihi. Awiti akatia yake pembeni kama shahidi. Karani akabandua nakala ya juu, akamnyooshea Wanza, na Wanza akaisoma neno kwa neno hadi mwisho kabla ya kuipokea.